Ripoti ya Mtoto Ikifika Nyumbani: Mzazi Afanye Nini?

Mzazi mmoja alitutumia picha ya ripoti ya mwanawe wa Gredi ya 7 mwishoni mwa muhula. Chini yake aliandika maneno mawili: "Nifanye nini?" Ripoti hiyo, tukiwa tumeficha jina la mtoto na la shule, inaweza kumsaidia kila mzazi mwenye mtoto katika sekondari msingi.

Hisabati alipata 28, Sayansi Jumuishi 34, Kiingereza 37 na Masomo ya Jamii 40. Kilimo, Dini na somo la ufundi yalikuwa kati ya 45 na 52. Kiswahili alipata 68, na Sanaa na Michezo 76. Muhula mzima alikosa shule siku 4 pekee.

Kando ya kila alama kulikuwa na herufi. EE ina maana kuwa mwanafunzi amepita matarajio, ME ameyafikia, AE anayakaribia, na BE yuko chini yake. Kila daraja limegawanywa mara mbili, 1 ikiwa juu ya 2. AE2 ni alama 21 hadi 30, na AE1 ni 31 hadi 40. Hivyo mtoto huyu ana AE2 katika Hisabati na AE1 katika masomo mengine matatu.

Wazazi wengi wangekimbilia kutafuta mwalimu wa ziada wa Hisabati, kwa kuwa hapo ndipo alama iko chini kabisa. Ngoja kwanza. Soma ripoti yote kwa pamoja. Mtoto hatoroki shule, na Kiswahili chake ni kizuri, kwa hivyo kusoma kwenyewe anajua. Masomo manne yaliyomlemea yote hutahiniwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni mojawapo. Huenda swali la Hisabati linamshinda kabla hajafika kwenye hesabu.

Hilo unaweza kulipima nyumbani kwa nusu saa. Chagua swali la maneno katika kitabu chake cha Hisabati, alisome peke yake na kulijibu. Kisha mwulize kwa mdomo, kwa Kiswahili, swali la uzito kama ule: "Mkulima wa Molo alivuna magunia 12 ya viazi. Aliuza robo tatu yake kwa shilingi 2,500 kila gunia. Alipata pesa ngapi?" Jibu ni magunia 9, yaani shilingi 22,500.

Akipata la viazi na kukosa la kitabu, tatizo kubwa ni kusoma Kiingereza. Basi dakika 20 za kusoma kwa sauti kila jioni, huku akikueleza alichosoma, zitamfaa kuliko mwalimu wa ziada wa Hisabati. Akikosa yote mawili, ligawanye swali: robo tatu ya 12 ni ngapi? 9 mara 2,500 je? Akikwama kwenye robo, ana pengo la sehemu alilokuja nalo tangu shule ya msingi, na itabidi arudishwe huko. Akisogeza kitabu karibu na uso au akikunja macho, mpeleke apimwe macho kwanza.

Jaribio la swali moja halitoshi kutoa uamuzi. Rudia kwa maswali matatu au manne, siku tofauti, kisha nenda kwa mwalimu wa darasa na karatasi hizo. Usimwulize, "Mbona mtoto anaanguka?" Mwulize: "Anakwama kusoma swali au kulikokotoa? Naomba nione daftari lake."

Mwulize pia kuhusu tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, ambazo alama zake hupelekwa kwa Baraza la Mitihani. Tathmini hizo hubeba asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9. Asilimia 20 nyingine hutoka mtihani wa Gredi ya 6, na 60 mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe. Mtihani wa kufunga muhula si sehemu ya hesabu hiyo. Kwa hivyo AE2 ya muhula huu ni onyo, na nafasi ya kurekebisha bado ipo.

Mwalimu akishuku shida ya kusikia, kuona au kujifunza, omba shule ikuelekeze kwa kituo cha tathmini cha EARC kilicho karibu. Masuala ya shule za msingi na sekondari yako chini ya Wizara ya Elimu, kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Serikali ya kaunti inasimamia chekechea na vyuo vya ufundi.

Na kabla ya kumtumia mtu yeyote picha ya ripoti, funika jina la mtoto, la shule na nambari yake ya tathmini.