Dawa ya Tezi ya Shingo: Kwa Nini Tungoje Wiki 6?

Katika ugonjwa wa Hashimoto, kingamwili hushambulia tezi ya shingo na kuiharibu polepole. Mgonjwa huchoka, huhisi baridi na kufunga choo.

Tumchukue mama wa Mwandiga mwenye kilo 60, ambaye tezi yake imekoma kufanya kazi. Dozi kamili ya levothairoksini ni takribani mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, yaani karibu 100 kwa siku. Mwenye maradhi ya moyo huanzishiwa kiasi kidogo zaidi. Humeza kwa maji matupu, nusu saa kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu hungoja saa 4.

Dawa hii hutulia mwilini taratibu, hivyo kipimo cha TSH hurudiwa baada ya wiki 6. Kikibaki juu, tuchunguze kwanza namna anavyomeza, ndipo daktari aongeze dozi.