Mimba Inapoharibika: Huzuni Moja, Njia Mbili

Mimba ilipoharibika katika wiki ya 11, mke alilia kila usiku. Mume alirudi kazini siku ya tatu na hakuitaja tena. Mke alidhani mwenzake hajali, kumbe alinyamaza kwa kuhofia kumwongezea uchungu.

Muuguzi aliwaita pamoja, akawaeleza kwamba mara nyingi chanzo huwa kasoro ya kromosomu, si kosa la yeyote. Akawashauri watenge muda jioni: mmoja aseme linalomuumiza bila kulaumu, mwenzake asikilize bila kumkatiza wala kuharakisha kumtuliza.

Jioni hiyo mume alikiri kwamba alikwisha kumchagulia mtoto jina. Mke akatambua kuwa hakuomboleza peke yake.

Huzuni ikimzuia mmoja wao kulala au kula kwa zaidi ya wiki mbili, warudi kliniki.