Wasia wa Mgonjwa na Mzozo wa Wanawe

SWALI: Katika mtihani wa mdomo wa maadili ya tiba niliulizwa habari ya bibi mwenye saratani iliyoenea, aliyeagiza kwamba moyo wake ukisimama asifufuliwe. Sasa hana fahamu. Binti yake aridhia, mwanawe wa kiume akataa katakata. Ningejibuje?

JIBU: Watahiniwa wengi huteleza hapa kwa kuwapatanisha jamaa kana kwamba uamuzi ni wao, ilhali wanawe wote wawili ni mashahidi wa matakwa ya mama yao, wala si mahakimu juu yake. Basi anza na ule wasia: aliutoa lini, akiwa na akili timamu, akielewa maradhi yake, nao umeandikwa katika faili? Ukithibiti, ongeza hoja ya madhara, kwamba kukandamiza kifua huweza kuvunja mbavu, na katika saratani iliyofikia ukingoni ni nadra kumrudishia mgonjwa uhai wa kudumu.

Ndipo mtahini atakapouliza: "Na kijana akisema mnamwua mama yake?" Usikimbilie sheria, sema utamwuliza anahofia nini, kwani aghalabu hudhani tiba yote itakoma, kisha utambainishia kwamba mofini, oksijeni na uuguzi vitaendelea. Akishikilia, tafuta rai ya daktari wa pili na kamati ya maadili, lakini ghadhabu yake pekee haitangui wasia. Ila wasia wenyewe ukiwa na shaka ya kweli, na moyo ukasimama kabla haijaondoka, elemea kumfufua.