Chagua Sentensi ya Barua Rasmi

Unamwandikia mwalimu mkuu. Chini ya kichwa YAH: KUOMBA RUHUSA YA SIKU MBILI, sentensi ipi ifuate?

A. Nataka ruhusa ya siku mbili.
B. Naomba ruhusa ya siku mbili ili nimuuguze mama.
C. Mwalimu, nipe basi siku mbili, mama anaumwa.
D. Shikamoo mwalimu, habari za siku nyingi?

Shikamoo ni adabu njema mdomoni, ila barua rasmi huingia moja kwa moja katika jambo, D imetoka. "Nipe basi" ni kubembeleza kwa mazungumzo. Wengi hunaswa na A kwa kuwa sarufi yake ni sahihi. Swali halipimi sarufi: "nataka" hudai, "naomba" humwachia mkubwa uamuzi. Jibu ni B.