Neno Moja katika Hati Nne: Kisantali na Msomaji Wake

Mwalimu wa kusoma aghalabu huichukulia hati kuwa chombo tu, kama sahani ambayo juu yake chakula chochote chaweza kuandaliwa. Lugha ya Kisantali yatuonyesha kuwa sivyo. Lugha hii husemwa hasa mashariki ya India, katika majimbo ya Jharkhand, Bengali ya Magharibi na Odisha, na pia Bangladesh na Nepal. Hesabu ya watu iliyofanywa India mwaka 2011 ilipata wasemaji zaidi ya milioni saba. Haina udugu na Kihindi wala Kibengali, kwani ni ya jamii ya lugha za Kimunda. Lakini Wasantali wameishi miongoni mwa majirani wenye hati zao, na kila jirani amewaazima yake: hati ya Devanagari huko Jharkhand, ya Kibengali huko Bengali, ya Kioria huko Odisha. Wamisionari nao walileta herufi za Kirumi.

Tuchukue neno moja dogo, tulifuate katika hati hizo. Neno lenyewe ni dak', maana yake maji. Alama iliyo mwishoni si pambo. Msantali anapolitamka neno hili, nyuma ya ulimi hufunga njia ya hewa, koo nalo hufunga, na neno hukatika hapo hapo. Pumzi ya k haisikiki ikitoka. Kisantali kina konsonanti nne za namna hii, ambazo kwa Kirumi huandikwa k', c', t' na p'. Tuliweke kando yake neno la pili, daka, yaani wali. Mtoto anayejifunza kusoma hana budi kuyatenganisha maji na wali tangu siku za mwanzo.

Hati za Kihindi zina kanuni moja iliyo mbali na Kisantali. Kila herufi ya konsonanti imebeba irabu ndani yake, hata kama irabu hiyo haikuandikwa. Msomaji wa Kioria huitamka irabu hiyo mpaka mwisho wa neno. Basi akiandikiwa herufi za d, a na k bila alama nyingine, atasoma neno lenye silabi mbili, linaloishia kwa irabu iliyo karibu na o. Hapo maji yamepotea, na kilichobaki chaelekea kwenye wali. Msomaji wa Devanagari aliyezoea Kihindi huiacha irabu ya mwisho, kwa hiyo atapata silabi moja. Lakini k yake itakuwa ya kawaida, yenye kuachiliwa. Dawa ipo: chini ya k hutiwa mkwaju mdogo wa kunyamazisha irabu, na waandishi wengine huongeza alama nyingine ya kukata sauti. Ila alama hizo hutegemea uangalifu wa mwandishi, na si wote waliozitumia kwa namna moja. Mwalimu atalitambua kosa kwa sikio. Mtoto akiongeza irabu mwishoni, tatizo ni kanuni ya hati. Akisoma silabi moja lakini k ikatoka na pumzi, anasoma Kisantali kwa kinywa cha Kihindi.

Herufi za Kirumi zilitengenezewa Kisantali kwa uangalifu mkubwa. Mnorwei Skrefsrud alitoa sarufi yake mwaka 1873, na mwenzake Bodding akatunga kamusi kubwa yenye juzuu tano, iliyochapishwa kati ya mwaka 1929 na 1936. Katika kamusi hiyo kila sauti ina mahali pake, kwa msaada wa nukta chini ya herufi, vistari na alama ya kukata. Udhaifu wake ni hizo nukta na alama zenyewe. Mchapaji asiye nazo huziacha, na mwandishi mwenye haraka huziacha pia. Sisi tunalijua jambo hili: ni mara ngapi ng'ombe wetu ameandikwa bila alama yake, tukamsoma kwa mazoea tu? Kwetu hasara ni ndogo, kwa kuwa alama hiyo ni moja tu. Kwa Msantali alama ni nyingi, na mtoto anayeanza hana mazoea ya kumwokoa.

Mwaka 1925 Raghunath Murmu, Msantali wa Mayurbhanj, ambayo sasa ni sehemu ya Odisha, alibuni hati iitwayo Ol Chiki. Ina herufi 30, zilizopangwa katika safu sita zenye herufi tano kila moja. Herufi ya kwanza ya kila safu ni irabu, na nne zinazofuata ni konsonanti. Irabu huandikwa peke yake, wala haifichwi ndani ya konsonanti. Kwa hiyo swali la irabu ya mwisho halizuki kabisa. Jina la konsonanti nalo huanza kwa irabu ya safu yake: katika safu ya kwanza twapata at, ag, ang, al. Mpango huu una faida kwa mwalimu, kwa sababu konsonanti husikika mwishoni mwa jina, mahali pale pale ambapo zile sauti za kukatwa hutokea.

Maji huandikwa ᱫᱟᱜ, yaani d, a, g. Msomaji mgeni atauliza, mbona g? Hapo ndipo ilipo busara ya mbunifu. Katika Kisantali, sauti ya kukatwa ikifuatwa na irabu mara nyingi hulegea: k' huwa g, na t' huwa d. Kiambishi cha wakati uliopita ni ket', lakini katika ñelkedea, yaani alimwona, kimekuwa ked. Kirumi huandika maumbo mawili. Ol Chiki huandika herufi moja, na mahali pake ndipo panapomwambia msomaji aitamke vipi. Mwishoni mwa neno hukatwa. Mbele ya irabu hulegea. Pale ambapo kanuni haifuatwi, kuna alama mbili: moja ya kulegeza mwishoni, nyingine ya kuilinda sauti ya kukatwa isilegee. Mzawa wa lugha hufuata kanuni hii bila kufundishwa. Asiye mzawa, na mtoto wa mjini ambaye Kisantali chake kimepungua, atasoma dag, kwa g nzito. Kwa msomaji wa namna hiyo, ile alama ya Kirumi yasema waziwazi zaidi.

Kuna gharama nyingine. Mtoto wa Jharkhand asomaye Kisantali kwa Ol Chiki atahitaji pia Devanagari kwa Kihindi na Kirumi kwa Kiingereza: hati tatu. Akiandikiwa Kisantali kwa Devanagari, huhitaji mbili tu. Lakini kitabu chake hakisomeki kwa binamu yake aliye Odisha, aliyesoma kwa Kioria, wala kwa yule wa Bengali, ingawa wote watatu wangeelewana wakikisikia kikisomwa kwa sauti. Hati ya kuazima humfungulia mtoto lugha ya jimbo na kumfungia ndugu zake.

Serikali ya Bengali ya Magharibi iliitambua Ol Chiki mwaka 1979. Kisantali kiliingizwa katika orodha ya lugha za katiba ya India kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2008 herufi za Ol Chiki zikapewa nafasi katika mpango wa Unicode, hata maandishi yakaweza kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kuharibika.

Bangladesh mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2017 serikali ilianza kugawa vitabu vya watoto wadogo katika lugha tano za jamii ndogo. Kisantali kilikuwa kimekusudiwa kuwamo, lakini wahusika hawakupatana: wengine walitaka Kirumi, wengine Kibengali. Vitabu vya lugha tano vikatoka, na mtoto wa Kisantali mwaka ule akafungua kitabu cha Kibengali.