Dakika Mbili za Kuuza Mfululizo wa Dokumentari

Mhariri anayeagiza vipindi vya televisheni haitazami video yako fupi ili ajifunze mada. Anataka kujua mambo mawili: tutamfuata nani, na kwa nini mtazamaji arudi wiki ijayo. Skripti ijibu hayo.

Tuseme wazo lako ni vipindi sita kuhusu jahazi moja linaloundwa Matondoni, kisiwani Lamu, tangu kulazwa mkuku hadi kushuliwa baharini.

1. Hoji kwanza, andika baadaye. Mrekodi fundi mkuu na mwanawe, hata kwa simu, mradi sauti iwe safi. Nakili maneno yao yote, kisha pigia mstari sentensi ambazo usingeweza kuzitunga mwenyewe. Hizo ndizo zitakazobeba skripti, na pia zinamthibitishia mhariri kwamba wahusika wamekubali kurekodiwa.

2. Chora safu mbili. Picha kushoto, sauti kulia, sekunde pembeni. Una sekunde 120. Msimulizi mtulivu husoma takriban maneno mawili kwa sekunde, kwa hiyo simulizi ya maneno 120 imeshakula nusu ya video. Mimi huishia maneno 60.

3. Sekunde 0 hadi 15: mvutano. Acha picha ya droni juu ya bahari na sentensi ya "Lamu ni mji wa kale". Hazimtambulishi mtu yeyote. Tuseme mahojiano yamekupa haya:

PICHA: Tezo likichonga taruma.
FUNDI: "Mwanangu asiposhika tezo hili, nitamwachia nani?"
PICHA: Kijana akitazama boti ya faiba ikipita.
KIJANA: "Ile haihitaji kalafati kila mwaka."

Jina la mfululizo lije hapo.

4. Sekunde 15 hadi 50: wahusika. Onyesha kila mmoja anataka nini na atapoteza nini.

5. Sekunde 50 hadi 100: mwendo wa vipindi. Hapa ndipo skripti nyingi huanguka, kwa sababu mwandishi hurundika picha nzuri zisizofuatana. Kipe kila kipindi hatua moja ya kazi na hatari yake, kwa mfano: mkuku uliopinda utaharibu kila kitakachofuata, fedha za mwenye chombo zinaisha mataruma yakiwa wazi, ubao unapasuka ukipindwa, pamba ya kalafati isiposhindiliwa vizuri, maji yatapenya. Msimulizi aseme sentensi moja tu kwa kila hatua. Kisha jaribu kubadilisha mpangilio wa hatua hizo. Kisipopotea kitu, ulicho nacho ni filamu moja, si mfululizo.

6. Sekunde 100 hadi 120: swali. Usionyeshe jahazi likielea. Malizia kijana akiwa ameshika simu ya kazi aliyoitiwa Mombasa, hajajibu.

Muziki uwe ule ulio na haki ya kuutumia. Wimbo maarufu humfanya mhariri apende kitu ambacho bajeti yako haitaweza kukileta hewani.

Kabla ya kutuma, msomee skripti mtu asiyelijua wazo hili, umuulize kipindi cha tatu kitahusu nini. Akijibu "historia ya majahazi", rudi hatua ya tano.