Kuunganisha Simu na Runinga: Jaribu Kabla ya Kununua Kebo

Mkazi anayetaka kutazama video za simu kwenye runinga asikimbilie kununua kebo ya USB-C kwenda HDMI. Simu nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C la kuchaji na kuhamisha faili tu. Halitoi picha, hivyo runinga itaandika "No Signal" hata kebo ikiwa nzima. Ni vyema aijaribu dukani kwa simu yake mwenyewe.

Runinga ikiwa na Wi-Fi, huenda kebo isihitajike. Afungue "Screen Mirroring" kwenye runinga, kisha "Cast" au "Smart View" kwenye simu ya Android, na achague jina la runinga. Video iliyohifadhiwa kwenye simu haitamaliza bando. Picha ikikwamakwama, asogeze simu karibu na runinga.